Siku ya tatu ya seftriaksoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupitia upya antibayotiki wodini

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa na madaktari wa mafunzo, wauguzi, wafamasia na ndugu wa wagonjwa katika hospitali zetu za wilaya na za mikoa. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata. Jibu likishatolewa sehemu moja, kwingine utaelekezwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Usimamizi wa antibayotiki hospitalini maana yake nini kwa vitendo?

Kwa mgonjwa mmoja aliyelazwa, maana yake ni mambo manne. Sababu ya kumpa antibayotiki imeandikwa. Sampuli ya kuotesha imechukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Kuna siku iliyopangwa ya kuipitia upya ile dawa. Na kuna siku ya kuacha. Mengine yote, kuanzia kamati ya dawa na tiba ya hospitali hadi mwongozo wa taifa, yapo ili hayo manne yafanyike.

Hapa tunakaa zaidi kwenye jambo la tatu. Uzoefu wa wodi nyingi ni kwamba kuanza dawa si tatizo, maana mgonjwa akija na homa kali usiku ataanzishiwa tu. Kinachokosekana ni mtu wa kurudi kwenye ile karatasi siku ya tatu na kuuliza kama bado inahitajika.

2. Kwa nini seftriaksoni inatajwa kila mara? Si dawa nzuri?

Ni dawa nzuri sana, na ndiyo maana inaandikwa kupita kiasi. Inachomwa mara moja kwa siku, bei yake inabebeka, haihitaji kupunguzwa kwa figo zilizochoka kidogo, na inaua bakteria wa aina nyingi. Daktari aliye peke yake zamu ya usiku na mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini atakimbilia hiyo, na mara nyingi hakosei.

Shida huanza inapobaki hadi siku ya saba bila mtu kuamua ibaki. Seftriaksoni hupita kwa wingi kwenye nyongo na kufika utumbo mpana, na huko inaua bakteria watulivu na kuwaacha wale wenye uwezo wa kuivunja. Hao ndio kundi ambalo maabara huliandika ESBL, hasa E. koli na klebsiela. Wakishatawala utumbo wa mgonjwa mmoja, husafiri kwa mikono, kwa vyoo na kwa vifaa hadi kitanda cha jirani. Mgonjwa atakayepata maambukizi kutoka kwao atahitaji meropenemu, dawa ghali inayotolewa kila baada ya saa 8, na ambayo stoo nyingi hazina ya kutosha.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mgawanyo wake uitwao AWaRe uliotoka 2017, liliiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa jicho la karibu. Amoksilini, ampisilini, jentamisini, kloksasilini na metronidazoli ziko kundi la kwanza, la dawa zinazotakiwa kupatikana kila mahali na kutumika zaidi. Mwaka 2024 mkutano wa Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika duniani zitoke kundi hilo la kwanza.

3. "Wigo mwembamba" ni nini? Je, si kumpa mgonjwa dawa dhaifu?

Wigo ni idadi ya aina za bakteria ambazo dawa inaweza kuzifikia. Ya wigo mpana inafikia aina nyingi, ya wigo mwembamba inafikia chache. Neno hilo halisemi chochote kuhusu nguvu ya dawa kwa bakteria inayemfikia.

Mfano wa wazi ni stafilokokasi oreasi, bakteria wa majipu, mifupa na wakati mwingine damu. Kama hajawa sugu kwa kloksasilini, basi kloksasilini ya mshipa inamuua vizuri kuliko seftriaksoni, na vizuri kuliko hata vankomaisini ambayo wengi huiona kama dawa ya mwisho. Mgonjwa wa namna hiyo anayebaki kwenye seftriaksoni kwa kuwa "ndiyo kali" ndiye anayepewa tiba hafifu. Ndugu wakiona sindano ya gharama imeondolewa na nyingine ya bei ndogo imewekwa, waelezwe hivyo hivyo.

## Kabla ya dozi ya kwanza

4. Damu ya kuotesha ichukuliwe lini, na kiasi gani?

Ichukuliwe kabla ya antibayotiki yoyote, na kwa mtu mzima itolewe sehemu mbili tofauti, kwa mfano mkono wa kulia na wa kushoto. Kila chupa ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10. Kosa linalojirudia ni kuweka mililita 2 au 3 kwa sababu mshipa ulisumbua. Kwenye damu ya mtu mzima bakteria wanaweza kuwa wachache sana kwa kila mililita, kwa hiyo damu ikipungua, nafasi ya kuwanasa inapungua nayo.

Sehemu mbili zina kazi nyingine pia. Ngozi ina stafilokokasi wake wasio na madhara, na wakiingia kwenye chupa jibu litasema kuna bakteria kwenye damu. Wakiota kwenye chupa ya mkono mmoja tu, uwezekano mkubwa ni uchafu wa ngozi. Bakteria yule yule akiota pande zote mbili, hilo ni jambo la kuchukulia kwa uzito. Aliyechukua upande mmoja hana namna ya kutofautisha, na mgonjwa ataishia kupewa dawa kwa wiki mbili kwa ajili ya bakteria wa ngozi.

Kusafisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti na kuiacha ikauke yenyewe kunapunguza sana uchafu huo. Kukauka ndiko kunakoua. Ukifuta kwa pamba ili uwahi, umerudisha ulichoondoa.

5. Mgonjwa yuko hoi. Tusubiri sampuli ndipo tuanze dawa?

Presha ikiwa imeshuka na unashuku maambukizi ya damu, antibayotiki iingie ndani ya saa moja. Kuchukua damu sehemu mbili kunachukua dakika chache tu, kwa hiyo mara nyingi vyote vinawezekana. Kama mshipa haupatikani kabisa, toa dawa, kisha endelea kutafuta damu. Jibu la damu iliyochukuliwa baada ya dozi moja lina udhaifu wake, lakini bado linaweza kuotesha kitu.

Kama mgonjwa ana homa lakini presha yake iko sawa na anazungumza vizuri, una saa kadhaa za kufikiri, kupima malaria, kuangalia mkojo na kupiga picha ya kifua kabla ya kuamua.

6. Niandike nini kwenye faili ninapoanzisha?

Mstari mmoja unatosha, ilimradi uwe na unachokishuku, sampuli ulizochukua, na siku ya kupitia. Kwa mfano: "Nimonia ya kutoka nyumbani. Damu imechukuliwa mikono miwili. Ampisilini ya mshipa. Kupitia Alhamisi asubuhi." Daktari wa Alhamisi asiyemjua mgonjwa anaanzia hapo. Ukiandika "antibayotiki" bila sababu, atakayekufuata ataogopa kuiacha, kwa kuwa hajui utaratibu gani atakuwa anauvunja.

## Siku ya tatu

7. Kwa nini saa 48 hadi 72, na si siku ya tano au ya saba?

Kwa sababu mambo mawili hukutana hapo. Kwanza, maabara inakuwa na la kusema: chupa nyingi za damu zenye bakteria wa kweli huonyesha ndani ya saa 48, na utambuzi pamoja na usikivu wa dawa hufuata siku moja au mbili baadaye. Pili, mwili wa mgonjwa nao umeshajibu. Homa inashuka au haishuki, anakula au hali, mapigo yametulia au bado.

Kabla ya saa 48 unabadilisha kwa wasiwasi tu. Homa ya jioni ya siku ya kwanza si ushahidi kwamba dawa imeshindwa, na kuongeza antibayotiki ya pili kwa sababu hiyo peke yake ndiko kunakozaa karatasi za dawa zenye antibayotiki tatu ambazo hakuna anayejua ipi inafanya kazi.

8. Kupitia upya kunafanyikaje pale kitandani?

Kuna maswali mawili, na mpangilio wake una maana. La kwanza: je, bado tunaamini ni maambukizi ya bakteria? Huyu aliyekuja na homa na kikohozi huenda amekutwa na malaria pekee, au moyo umejaa maji, au ni virusi. Kama imani hiyo imeondoka, antibayotiki inaachwa siku hiyo hiyo. "Kumalizia" wiki hakuna faida kwa mtu asiye na bakteria.

La pili, kama bado ni bakteria: maabara imetuambia nini, na je, tunaweza kwenda kwenye dawa ya wigo mwembamba, au kutoka sindano kwenda vidonge, au vyote viwili? Jibu huandikwa na tarehe ya kukoma huwekwa hapo hapo. Wakati mwingine jibu sahihi ni kuendelea vilevile, kama kwenye homa ya uti wa mgongo ambako seftriaksoni ya gramu 2 kila saa 12 ndiyo dawa yenyewe. Hilo nalo liandikwe, ili ijulikane kwamba mtu ameamua.

9. Tupeni mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mfano huu umetungwa kutokana na mambo yanayotokea kila mara. Fundi ujenzi wa miaka 34, hana kisukari wala maradhi mengine, anafika Jumatatu usiku. Ana jipu kubwa mgongoni, homa ya nyuzi 39.2, mapigo 118, presha 105 kwa 60. Daktari wa zamu anachukua damu mikono miwili, anapasua jipu na kutuma usaha maabara, kisha anaanzisha seftriaksoni gramu 2 kwa siku na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, kama wodi nyingi zilivyozoea.

Jumanne mchana, saa 16 hivi baada ya kuchukuliwa, chupa za pande zote mbili zinaonyesha ukuaji. Mtaalamu wa maabara anatia rangi ya Gramu na kuona viduara vya zambarau vilivyoshikana kama kishada. Anapiga simu wodini bila kusubiri karatasi. Viduara kwenye vishada ni stafilokokasi wa aina fulani. Kwa kuwa wako pande zote mbili na mgonjwa ana jipu, haiwi rahisi kusema ni uchafu wa ngozi. Jioni hiyo kloksasilini inaongezwa, gramu 2 kila baada ya saa 6. Baadhi ya miongozo hutaka kila saa 4 ugonjwa ukiwa mzito. Kama mgonjwa angekuwa na historia ya bakteria sugu, wangeongeza vankomaisini hadi jibu kamili lije.

Alhamisi asubuhi jibu kamili linatoka kwenye kompyuta:

```
Blood culture: S. aureus (2/2 sets)
Penicillin      R
Cefoxitin       S
Erythromycin    S
Co-trimoxazole  R
Gentamicin      S
```

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kloksasilini haimo kwenye orodha. Mstari wa kusoma ni ule wa sefoksitini. Maabara huitumia kama kipimo cha niaba: S hapo ina maana kloksasilini, flukloksasilini na sefazolini zitafanya kazi. R hapo ina maana ni MRSA, na familia hiyo yote haifai. Kwa fundi wetu ni S. Seftriaksoni, ambayo amekwisha pata dozi tatu, na metronidazoli zinaondolewa asubuhi hiyo. Anabaki na kloksasilini peke yake.

Kazi haijaisha. Stafilokokasi kwenye damu ana tabia ya kujificha kwenye vali za moyo na kwenye mifupa ya mgongo, kwa hiyo Alhamisi hiyo damu inachukuliwa tena, na ultrasaundi ya moyo inaombwa. Damu ya Alhamisi haioteshi kitu, moyo hauonyeshi kasoro, homa imeshuka ndani ya saa 72, wala hakuna maumivu mapya ya mgongo au kiungo. Hesabu ya siku 14 inaanza Alhamisi, siku ya damu safi ya kwanza, na dozi ya mwisho inaangukia Jumatano ya wiki ya pili yake. Lingekosekana mojawapo ya masharti hayo, angehitaji wiki 4 hadi 6.

Angalia kilichotokea: dawa zimepungua kutoka tatu hadi moja, wigo umefinywa, lakini muda umekuwa mrefu kuliko siku saba za mazoea. Kuacha kwa wakati si mara zote kuacha mapema.

10. Jibu lina S nyingi. Nachaguaje?

S ina maana bakteria alizuiwa na dawa hiyo kwenye sahani ya maabara. Haikupangii ipi uanze nayo. Anza na mahali ugonjwa ulipo. Nitrofurantoini inaweza kuwa S kwa E. koli wa mkojo, lakini hukusanyika kwenye kibofu tu, na kumpa mgonjwa mwenye homa na maumivu ya kiunoni kutokana na figo ni kumwacha bila tiba. Jentamisini haifanyi kazi vizuri ndani ya usaha. Ukishaondoa zisizofika mahali pa ugonjwa, chagua ya wigo mwembamba kuliko zote zilizobaki ambayo mgonjwa anaweza kuipata na kuivumilia.

Meropenemu karibu itakuwa S mara nyingi. Hiyo si sababu ya kuichagua.

11. Hakuna kilichoota. Je, ina maana hana maambukizi?

Inategemea. Uliza kwanza kama sampuli ilichukuliwa kabla ya dawa, ikiwa na ujazo wa kutosha (tazama swali la 4), na kama mgonjwa alikuwa ameshatumia amoksilini ya duka la dawa kabla ya kufika. Nimonia mara nyingi haioteshi kitu kwenye damu hata ikiwa ya kweli.

Lakini sampuli ikiwa nzuri, saa 48 zimepita bila kuota, na mgonjwa amepata nafuu huku maelezo mengine ya homa yake yamepatikana, jibu hilo ni sababu halali ya kuacha. Hata ukiendelea, linakuruhusu kuondoa dawa ulizoweka kwa ajili ya bakteria ambao wangeota kirahisi kama wangekuwepo.

## Kuacha kwa wakati

12. Siku ngapi zinatosha?

Kwa mtu mzima anayeendelea vizuri, nimonia ya kutoka nyumbani inatosha siku 5. Figo siku 7. Maambukizi ya tumboni yaliyopasuliwa na kusafishwa vizuri ni siku 4 au 5 baada ya upasuaji. Bakteria wa tumboni waliopatikana kwenye damu, kama E. koli kutokana na mkojo, siku 7 zimeonekana kutofautiana kidogo sana na 14 katika majaribio makubwa, likiwemo la BALANCE la 2024, ambalo halikuwahusisha wagonjwa wa stafilokokasi oreasi.

Ambao hawafupishwi kwa mazoea haya ni mifupa, vali za moyo, usaha usiotolewa, na stafilokokasi oreasi kwenye damu. Kama usaha bado uko ndani, kuongeza siku za dawa hakuchukui nafasi ya kisu.

13. Tumefundishwa "maliza dozi hata ukipona". Sasa mnasema acha?

Dozi ni muda uliopangwa na aliyekuandikia, na ndiye mwenye kuubadilisha baada ya kukuona. Siku za ziada baada ya bakteria wa ugonjwa kuondoka hazimlindi mtu na usugu. Zinawapa bakteria wa utumboni muda zaidi wa kuzoea dawa. Mgonjwa aliye nyumbani asijikatie mwenyewe, wala asiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ijayo ya mtoto. Daktari akimwambia aache siku ya tano, basi dozi yake ni siku tano.

14. Lini mgonjwa atoke kwenye sindano aende vidonge?

Anapokunywa na kumeza bila kutapika, homa inashuka, presha imetulia, na ugonjwa hauko kwenye uti wa mgongo, vali ya moyo au mahali pengine panapotaka dawa nyingi kwenye damu. Siprofloksasini na metronidazoli za vidonge hufyonzwa karibu sawa na za mshipa, kwa hiyo anayemeza chakula huku akichomwa metronidazoli hapati faida yoyote ya ziada zaidi ya kanula mkononi, na kanula yenyewe ni mlango wa stafilokokasi. Siprofloksasini isimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kupunguza asidi. Hushikana navyo tumboni na haifyonzwi vizuri.

15. Baada ya upasuaji wa kujifungua tunatoa seftriaksoni na metronidazoli siku tano. Kuna ubaya?

Kama mama hakuwa na maambukizi, kinga inayohitajika ni dozi moja kabla ya kisu, ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana ngozi. Sefazolini gramu 2 ndiyo chaguo la kawaida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kuhusu kidonda cha upasuaji unakataza kuendeleza kinga baada ya upasuaji kwisha. Dawa inatakiwa iwe tayari kwenye tishu kisu kinapopita. Siku tano baadaye haiwezi kurudi nyuma kuziba pengo la dozi iliyochelewa.

Naliona hili kuwa sehemu rahisi kuliko zote ya kuanzia, kwa sababu halihitaji maabara. Kinachohitajika ni sefazolini iwe chumba cha upasuaji, na mganga wa usingizi awe ndiye mwenye jukumu la kuichoma. Mama aliyekuwa tayari na homa na maji yenye harufu kabla ya upasuaji ni jambo jingine: huyo anatibiwa maambukizi, na anapitiwa upya kama wengine.

## Mazingira magumu na mambo yenye utata

16. Hospitali yetu haina maabara ya kuotesha. Tufanye nini?

Swali la kwanza la namba 8 halihitaji maabara hiyo. Chati ya homa, mapigo, hali ya kula, picha ya kifua na hesabu ya chembe nyeupe vinatosha kuamua kama antibayotiki inaachwa, inaenda vidonge au inaendelea. Pia, mahali penye darubini ya makohozi ya kifua kikuu pana uwezo wa kutia rangi ya Gramu kwenye usaha au maji ya uti wa mgongo. Hilo peke yake linakuambia kama ni viduara au vijiti, na ndani ya saa moja.

Ambacho hamtaweza ni kufinya wigo kwa uhakika kwa mgonjwa asiyepata nafuu siku ya tatu. Huyo ndiye wa kupewa rufaa, au sampuli yake isafirishwe, kabla hajaongezewa dawa ya pili na ya tatu kwa kubahatisha.

17. Mkojo umeotesha bakteria lakini mgonjwa hana dalili. Nitibu?

Kwa kawaida hapana. Mwenye mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa karibu atakuwa na bakteria kwenye mkojo, na dawa itawabadilisha wale wa kawaida kuwa sugu tu. Wanaotibiwa bila dalili ni mama mjamzito, na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo unaogusa ngozi laini ya ndani. Vivyo hivyo kwa pamba iliyopitishwa juu ya kidonda kisicho na usaha, joto wala uvimbe: itaotesha kitu kila mara.

18. Faili limeandikwa "mzio wa penisilini". Kloksasilini haiwezekani tena?

Kloksasilini ni ya jamii ya penisilini, kwa hiyo uliza kwanza kilichotokea. Kichefuchefu na kuhara si mzio. Kuvimba midomo, kubanwa pumzi au kuanguka ndani ya saa moja ni mzio wa kweli, na ngozi iliyobabuka na kuvuka ni hatari zaidi. Huyo wa mwisho asijaribiwe. Kwa stafilokokasi asiye sugu, sefazolini mara nyingi ni mbadala mzuri, kwa sababu umbo lake la pembeni halifanani na la penisilini. Na kama maelezo yanaonyesha hakukuwa na mzio, lifute lile neno kwenye faili na uandike sababu, la sivyo litamfuata maisha yake yote.

19. Mgonjwa anaishi na virusi vya ukimwi na anatumia septrini kila siku. Nayo iachwe?

Hapana. Septrini ya kila siku ni kinga, ina sababu yake na muda wake. Kupitia upya siku ya tatu kunahusu dawa za maambukizi ya sasa.

Kwa mgonjwa huyu, na kwa yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kuna tahadhari nyingine. Siprofloksasini na hasa levofloksasini zinapunguza kwa muda bakteria wa kifua kikuu. Mgonjwa anapata nafuu ya siku chache, makohozi yanapungua uwezo wa kuonyesha, na kifua kikuu kinagundulika wiki kadhaa baadaye. Makohozi yapimwe kwanza.

20. Mimi ni muuguzi, siandiki dawa. Nina nafasi gani?

Unashika karatasi ya dawa kuliko mtu yeyote wodini, na unaona siku ya tatu kabla ya daktari. Weka alama kwenye kisanduku cha saa 72 unapochoma dozi ya kwanza. Kwenye raundi, sema jambo lenyewe: "Dokta, wa kitanda cha saba leo ni siku ya tatu ya seftriaksoni, jana hakuwa na homa na anakula. Jibu la damu limerudi?" Sentensi hiyo ina kila kitu kinachohitajika ili uamuzi ufanyike.

21. Mkubwa wangu hakubali kubadilisha dawa "inayofanya kazi". Nifanye nini?

Mpe njia ya kurudi. Wasiwasi wake ni wa kweli: amewahi kuona mgonjwa akizidiwa baada ya kubadilishiwa. Mwonyeshe jibu la maabara, taja dawa na dozi unayopendekeza, kisha semeni mtaangalia nini katika saa 48 zijazo na mtarudi wapi kama homa ikipanda. Kama bado anakataa, omba sababu iandikwe kwenye faili na siku nyingine ya kupitia iwekwe. Yanapojirudia kwa aina moja ya ugonjwa, kama ilivyo kwa swali la 15, lipeleke kamati ya dawa na tiba lijadiliwe kama utaratibu wa hospitali nzima, ili lisibaki kuwa ubishi wa watu wawili mbele ya kitanda cha mgonjwa.